Tupeane uzoefu: tarehe zisizowezekana kwenye data, mtoto katoka kliniki kabla hajaingia

Karani wa Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Nimekabidhiwa faili la kaya za Bahi na Chamwino. Wadadisi walipita Juni 2023, lakini humo ndani kuna bibi kazaliwa 2028 na babu kazaliwa 2024. Jedwali la pili ni la watoto wa utapiamlo, na baadhi yao wametoka kliniki kabla hawajaingia. Najua humu kuna watu wameshapambana na haya. Mlianzia wapi, mkarekebisha nini, mkaacha nini?

Binti Kondoa
Umenikumbusha mbali. Huyo bibi ni wa 1928. Mdadisi kaandika "28" kwenye dodoso, karani kaingiza "28", na Excel ikaamua yenyewe. Kwa mpangilio uliozoeleka, 00 hadi 29 inazipeleka miaka ya 2000, na 30 hadi 99 inazipeleka miaka ya 1900.

Ila hao wawili wasikusumbue sana, maana wanajionyesha. Mtafute babu wa 1921. Huyo amegeuka 2021, kawa mtoto wa miaka miwili, na hakuna ukaguzi wa tarehe ya mbele utakaomnasa. Mimi niliwapata kwa kuchuja walio chini ya miaka kumi, kisha nikasoma safu ya hali ya ndoa. Nikakuta "mjane", "mjane", "ameoa". Mjane wa miaka miwili!

Kaka wa Mpwapwa
Kwangu hata 41 ilikuja 2041, kwa hiyo hiyo 29 yako si kweli.

Binti Kondoa
Ni kweli kwa mpangilio huo, kaka. Kikomo kinatoka kwenye mipangilio ya tarehe ya Windows na kinabadilika. Makarani wawili wakiingiza dodoso zilezile kwenye kompyuta mbili, wanaweza kukupa karne mbili tofauti. Dawa ni kuandika mwaka kwa tarakimu nne.

Mzee wa Kibaigwa
Mimi cheti kinasema 1979, kitambulisho kinasema 1997. Nimezungushwa ofisi hadi ofisi. Kati yenu nani anaweza kunirekebishia?

Karani wa Nkuhungu
Shikamoo mzee, pole sana. Hapa tunaongelea mafaili ya utafiti, la kwako linataka ofisi yenyewe.

Binti Kondoa
Lakini mzee katuonyesha kitu. 1979 na 1997 zote zinawezekana, hakuna fomula itakayopiga kelele. Kosa kama hilo linaonekana tu ukilinganisha karatasi mbili.

Chapchap
Mnajichosha. Mwanzo ukiwa mkubwa kuliko mwisho, zibadilishane nafasi. Za mbele ya leo futa mstari mzima. Nusu saa umemaliza.

Fundi wa Ipagala
Chapchap, hapo utaharibu data ambayo bado ingeokolewa. Chukua mtoto mmoja. Aliingia tarehe 9 Machi, akatoka tarehe 2 Aprili, siku 24. Karani akaandika 09/03/2023 na 02/04/2023 kwenye kompyuta inayosoma mwezi kwanza. Faili likapokea 3 Septemba na 4 Februari, ukaguzi ukapiga kelele. Wewe ukibadilishana nafasi unapata mtoto aliyelazwa kuanzia Februari hadi Septemba, miezi saba. Kelele imenyamaza, uongo umebaki, na wastani wa siku za matibabu umepanda.

Na kuna jambo baya zaidi. Tarehe kama 20/02/2023 hiyo kompyuta haiwezi kuielewa, maana hakuna mwezi wa 20, kwa hiyo inaiacha kama maandishi. Utaiona imeegemea kushoto mwa kisanduku wakati tarehe halisi zinaegemea kulia. Excel ikilinganisha maandishi na namba, siku zote maandishi ndiyo makubwa. Kwa hiyo kutoka kukiwa maandishi, mstari unapita hata kama ni wa ovyo. Kuingia kukiwa maandishi, mstari unakamatwa hata kama ni sahihi. Kabla ya kuuliza ipi imetangulia, uliza kwanza kama zote mbili ni tarehe. Safu ya B ni kuingia, ya C ni kutoka:

```
=IF(ISNUMBER(B2)*ISNUMBER(C2),IF(C2<B2,"KAGUA","sawa"),"SI TAREHE")
```

Chapchap
Sawa kwa huyo mmoja. Ukiwa na mistari elfu tano na bosi anataka ripoti kesho?

Fundi wa Ipagala
Basi mpe ripoti yenye mistari iliyowekwa alama, useme ni mingapi. Usimpe iliyobuniwa.

Mama Wawili
Fundi, wangu ambao hawajatoka kliniki, safu ya kutoka iko tupu, fomula inawaita SI TAREHE. Wana kosa gani?

Fundi wa Ipagala
Hawana kosa, mama. Watenge kwa safu ya hali, "bado yupo". Ila ukilinganisha moja kwa moja, kisanduku kitupu kinahesabiwa sifuri na wote wataonekana wametoka kabla ya kuingia.

Nesi wa Manyoni
Ngoja niseme la kwangu, maana bado linaniuma. Wodi ya wazazi. Mama anafika saa 4 usiku, tarehe 11. Anajifungua saa 9 usiku. Mkunga anaandika "11, saa 9 usiku", kwa sababu kwetu usiku ni uleule mpaka kuche. Karani mjini anageuza saa ya Kiswahili kwenda ya kompyuta: kufika 22:00, kuzaliwa 03:00, zote tarehe 11. Mtoto kazaliwa saa 19 kabla mama yake hajafika!

Mwingine karani kaacha 9 kama ilivyo, akaandika 09:00 tarehe 12. Huyo anapita ukaguzi vizuri kabisa, ila sasa inaonekana mama alikaa na uchungu saa sita zaidi. Wakaja wakaguzi, wakakuta mistari ya namna hiyo, wakasema data zetu ni za kupikwa. Wakunga waliokesha wameshika tochi kwa mdomo wakaitwa waongo mbele ya watu.

Tulitoa patografu, moja moja. Pale mchoro ulipoonyesha uchungu ulivuka saa 6 usiku, tuliongeza siku moja kwenye safu mpya na ile ya zamani tukaiacha. Ambazo patografu haikupatikana, ziliandikwa "haijathibitishwa" na zikabaki hivyo.

Mama Wawili
Dada, pole. Hili la saa hakuna semina niliyohudhuria wakalisema.

Kaka wa Mpwapwa
Sensa 2022 iliuliza "usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti". Rejista nazo ziandike "kuamkia".

Nesi wa Manyoni
Mkunga ana mtoto mkononi, kaka. Mpe kisanduku cha saa 24 na umfundishe mara moja.

Binti Kondoa
Karani, jambo moja kabla sijalala: usikague kuzaliwa kwa `TODAY()`. Babu wako wa 2024 leo si wa mbele tena, mwaka umeshapita, atapita salama. Linganisha kuzaliwa na tarehe ya mahojiano ya mstari huohuo. Na udadisi ujao, kama mnatumia Kobo, weka sharti ndani ya dodoso:

```
. <= today()
```

Ukiulizwa ukiwa bado umekaa na babu, utamuuliza tena. Hapo angalieni tu tableti ziwe na tarehe sahihi.

Karani wa Nkuhungu
Ahsanteni sana. Nimeweka fomula ya Fundi, SI TAREHE ni nyingi kuliko KAGUA. Kesho naomba dodoso za karatasi. Za kata moja nasikia zilinyeshewa stoo.

Chapchap
Na hizo zilizonyeshewa, utazifuta au utazibuni?

Fundi wa Ipagala
Aziache wazi.

Binti Kondoa
Mimi ningerudi kijijini kwa zile za wazee. Watoto wao wapo, wanakumbuka.

Fundi wa Ipagala
Nauli nani analipa?