Skana bapa au kamera, kwa negativu zilizoshika kuvu?

Binti_Mkomani
Assalaam aleikum. Mjomba ameniachia bahasha za negativu za milimita 35, harusi na Maulidi za hapa Lamu. Baadhi ni za rangi, baadhi nyeusi-nyeupe. Zimekaa miaka kwenye kabati chumba cha juu, upande wa bahari, kwa hiyo vumbi, mikwaruzo na kuvu vyote vimo. Nimepata mtu anayeuza skana bapa ya Epson V600 iliyotumika, lakini pia nina kamera yenye lenzi ya makro na taa bapa ya LED. Ipi itanipunguzia kazi ya kusafisha picha kwenye kompyuta?

Jua_la_Shela
Chukua V600, usijisumbue. Ina Digital ICE. Unaweka tiki tu, vumbi na mikwaruzo vinaondoka vyenyewe. Kamera haina kitu hicho, utashinda na brashi hadi alfajiri.

Fundi_Langoni
Kwa zile za rangi, kweli kabisa. Skana hupitisha mwanga wa infraredi kwenye filamu. Rangi za filamu huuachia upite, vumbi huuzuia, ndipo programu ikajua pa kuziba. Nyeusi-nyeupe ya kawaida ni habari nyingine, kwa sababu picha yake ni chembe za fedha, nazo huzuia mwanga ule ule. Skana huidhania picha yenyewe kuwa uchafu. Utaona ndevu na nakshi za mlango zimevurugika. Huko zima ICE. Zinazosalimika ni chache zinazosafishwa kwa dawa za filamu ya rangi, kama Ilford XP2.

Kwa hiyo dada, zitenge kwanza. Za rangi kwenye skana. Nyeusi-nyeupe kamera inatosha, na ukiweka plastiki nyeupe ya maziwa juu ya taa, mikwaruzo ya upande wa mgongo hufifia, maana mwanga unatoka kila upande.

Kasa_Malindi
Kabla ya yote zioshe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Kuvu inatoka.

Fundi_Langoni
La, Kasa, hapo utampotezea picha za mjomba. Kuvu hula jelatini inayobeba picha, na palipoliwa huyeyuka kwenye maji. Puliza vumbi kwa pampu ya mpira, na ukilazimika kufuta, tumia pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ya asilimia 70 ina maji mengi. Anza kwenye kipande kisicho na picha.

Babu_Lenzi
Mimi kuvu ya lenzi niliiondoa kwa kuianika juani. Lenzi yako ni ya aina gani?

Binti_Mkomani
Shikamoo babu, kuvu iko kwenye filamu, lenzi ni nzima. Fundi, nimeshaiskani moja kwa muuzaji wa V600, kwa 2400 dpi, nyeusi-nyeupe: bwana wa kanzu mbele ya mlango. Ina nukta nyeupe, mstari mweusi toka juu hadi chini, na kwenye anga kitu kama utando wa buibui.

Fundi_Langoni
Nukta nyeupe ni vumbi. Lilizuia mwanga, na picha ikigeuzwa, kivuli chake huwa cheupe. Mstari mweusi ni mbaya zaidi, kwani hapo picha yenyewe imekwanguliwa na mwanga ukapita wote. Utando ni kuvu.

Hifadhi TIFF ya biti 16, fungua programu ya GIMP, tengeneza nakala ya leya ufanyie kazi humo, na ukuze hadi asilimia 100. Anga ni rahisi: zana ya Heal, brashi kubwa kidogo kuliko doa, ukichukua sampuli karibu. Fuata nyuzi za kuvu kipande kwa kipande, ukibadilisha mahali pa sampuli, la sivyo anga itaonyesha viraka vinavyofanana. Usipitishe kichujio cha kulainisha picha nzima, kitafuta punje za filamu pamoja na kuvu.

Kazi iko pale mstari unapopita kwenye ukingo wa kanzu na mlango. Heal huvuta weusi wa mlango ikautia kwenye kanzu. Hapo tumia zana ya Clone, brashi ndogo, sampuli ndani ya kanzu upande huu, kisha mlangoni upande wa pili.

Kasa_Malindi
Na kuvu ikiwa usoni? Nimeona watu wanachora jicho upya.

Fundi_Langoni
Mimi huondoa nyuzi shavuni, jicho lililoliwa naliacha. Ukilichora si lake tena.

Jua_la_Shela
Sikubali. Familia wanataka picha ya kutundika. Acha faili ya kwanza kama ilivyo, nyingine itengeneze.

Binti_Mkomani
Huyu bwana ana doa pembeni ya jicho la kushoto. Nitamwuliza mama kabla sijaligusa. V600 naichukua kwa za rangi ikiwa muuzaji atanipa na fremu ya kushikia filamu, maana anasema imepotea.

Fundi_Langoni
Bila fremu usilipe bei kamili. Filamu zetu hapa zimejikunja kwa unyevu, na ikibetuka juu ya kioo, katikati hukosa ukali.