Tupeane uzoefu: ndoto kubwa ya biashara, uliianzaje kwa udogo ndani ya wiki moja?

Mama Tupa, Morogoro
Habari zenu wapendwa. Nilikuwa na daftari la kiwanda cha mtindi: lita 500 kwa siku, tangi la kupozea, gari lenye friji. Miaka minne najumlisha, na jumla inanikimbia. Shemeji yangu akaniuliza, "Humu ndani, kitu gani hukijui kabisa?" Kugandisha maziwa najua tangu kwa mama. Nisichokijua ni kama mtu ataununua mtindi wangu, aumalize, halafu arudi na hela nyingine. Hilo halihitaji tangi.

Jumatatu nikanunua lita 5 kwa mfugaji wa jirani kwa 10,000. Wenzangu wa kwaya tisa walishalipia. Nikachemsha, nikapoza, nikatia mtindi wa dukani wa kuanzishia, nikaifunga sufuria kwa blanketi. Asubuhi nikapata chupa 9 za nusu lita, kila moja 2,000. Mkononi 18,000, maziwa, chupa, mkaa na mtindi wa kuanzishia vilikula 15,250. Jasho langu halimo. Ila kabla ya Ijumaa watu sita walirudi kuagiza, na hiyo ndiyo namba niliyokuwa naitafuta.

Wiki ya pili nilifunua sufuria, nikaiinamisha, maziwa yakatembea kama yalivyoingia. Hayajaganda hata kidogo. Nikarudisha hela za watu. Ninyi mlianzaje? Na hapa nilikosea wapi?

Kijana wa Uyole
Pole mama. Hayo yametiwa maji. Tafuta laktomita ya kupimia maziwa, ndiyo dawa yake.

Babu Maziwa
Nimepokea maziwa kwenye kituo cha kukusanyia miaka 11. Kijana ana haki ya kuogopa maji, lakini maji huleta mtindi mwepesi, hayazuii kuganda. Yasipoganda kabisa, naangalia mambo mawili. La kwanza, ulitia mtindi wa kuanzishia maziwa yakiwa bado ya moto, ukaua vijidudu vyake. Kabla ya kutia na kufunga kwa blanketi, subiri yashuke mpaka nyuzi 43 hivi, kwa kipimajoto, maana kidole kinadanganya. La pili, muulize mfugaji kama ng'ombe ametibiwa kiwele. Ile dawa hutoka na maziwa, nayo inazuia vijidudu vya kugandisha. Kuchemsha hakuiondoi, na maziwa hayo hayafai kuuzwa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye dawa.

Ukianza kununua kwa wafugaji wawili watatu, usichanganye kwanza. Chota kikombe cha kila mmoja, chemsha, poza, tia kijiko cha mtindi, vifunge vyote kwa blanketi. Kitakachobaki maji kesho yake kinakuonyesha ni maziwa ya nani.

Saidi wa Tanga
Mimi ndoto yangu ilikuwa hoteli ya vyumba 20 na mgahawa. Nikaanza na pilau ya mafundi 12 kwenye jengo linalojengwa, Ijumaa moja tu. Pilau iliisha, lakini tisa walisema watalipa wakipokea mshahara. Nilikuwa nahesabu vyumba, kumbe shida yangu ni madeni. Sasa napika ugali na maharage, sahani haitoki bila hela.

Eliya
Nisaidieni na mimi: benki gani inakopesha tangi la lita 500? Eneo ninalo.

Saidi wa Tanga
Kaka, mama ameanza na sufuria. Wewe umeshauza lita ngapi?

Eliya
Bado. Nasubiri tangi.

Mama Tupa, Morogoro
Babu, shikamoo na asante. Nilimwendea mfugaji kwa upole. Akakiri ng'ombe mmoja alipigwa dawa ya kiwele Jumamosi, na maziwa yake yaliingia ndooni. Jana nimejaribu vikombe vitatu. Viwili vimesimama, kijiko kimeacha shimo safi. Cha tatu ni maji. Swali jingine: naweza kutumia mtindi wangu kuanzishia wa wiki ijayo, na huo tena wa wiki inayofuata?

Babu Maziwa
Marahaba mwanangu. Mara tatu nne, kisha chukua mpya. Ukiona vipovu, kifuniko kimevimba au unanuka pombe, mwaga wote.

Dada wa Kihonda
Mimi ninachoogopa ni usajili. Tangu 2019 mambo ya chakula yako TBS, na kuna Bodi ya Maziwa. Hao tisa wa kwaya ni wateja tayari au bado ni majaribio?

Babu Maziwa
Ukipokea hela, umeuza. Nenda SIDO ukaulize uanzie wapi, kabla hujapeleka chupa dukani.

Saidi wa Tanga
Hapo sikubaliani, babu. Kwa chupa tisa akianza na ofisi, ataishia kwenye daftari tena.

Mama Tupa, Morogoro
Nitakwenda Jumanne. Jumatatu nagandisha lita 5 za maziwa ya vile vikombe viwili vilivyosimama, nane wameshalipia.