Shamba Njoro: arabuni ya 10% kwa wakili au 30% mkononi mwa muuzaji?

Mnunuzi_Njoro: Wenzangu, nimepata nusu ekari mbili, zote Njoro. Ya kwanza ni 1,200,000, lakini mwenyewe anataka 360,000 mkononi tukitia sahihi. Ya pili ni 1,300,000, na 130,000 zitakaa kwa wakili wake. Mambo yakiharibika, wapi nitarudishiwa pesa?

Karani_Mstaafu: Hujasema mambo muhimu. Ni shamba la kilimo au ploti ya mji? Na salio utalitoa wapi?

Mnunuzi_Njoro: Yote ya kilimo. Salio ni mkopo wa sako, bado haujapitishwa.

BabaTriza: Chukua ya bei nafuu. Bodi ya ardhi ikikataa umepoteza arabuni popote ulipo, wakili au bila wakili.

Karani_Mstaafu: Hapana, Baba Triza. Shamba la kilimo lisipopata kibali cha bodi, mauzo ni batili, na sheria inasema uliyemlipa anadaiwa hizo pesa kama deni lolote. Sheria inampa mnunuzi haki ya kurudishiwa. Kuzipata ni kazi nyingine.

Mama Wairimu: Hapo ndipo nililia. Nilimpa mzee mmoja 200,000 mkononi. Kila nikimkumbusha twende bodi, ananiambia mwezi ujao. Nilidhani kuomba kibali ni kazi ya muuzaji, nikangoja. Miezi sita ikapita. Kisha mkewe akasema hajakubali boma liuzwe. Nilishtaki nikashinda, lakini pesa alikuwa amezijengea. Ananilipa 10,000 kwa mwezi, na mwezi mwingine haleti.

Karani_Mstaafu: Pole, mama. Yeyote kati yenu angeweza kuomba, ila ndani ya miezi sita tangu mkataba. Mnunuzi, hatari yako kubwa ni sako. Mkopo ukikwama, kosa ni lako. Mikataba mingi inayofuata masharti ya Chama cha Mawakili humpa muuzaji nafasi ya kukupa notisi ya siku 21, na zikiisha bila salio anavunja mkataba na kubaki na arabuni. Andikisha kwamba mkopo usipopitishwa kufikia tarehe fulani, pesa zinarudi zote.

BabaTriza: Muuzaji gani atakubali hilo?

Karani_Mstaafu: Wengine hukataa. Basi ngoja barua ya sako kwanza. Na wakili azishike kwa niaba ya pande zote mbili, mkataba useme hivyo. Akizishika kwa niaba ya muuzaji peke yake, anaweza kumpa jioni hiyo hiyo.

Kijana_wa_Probox: Mimi nililipia gari 50,000 nikaghairi, yadi ikakataa kurudisha. Nayo inaenda bodi?

Mama Wairimu: Gari haliendi bodi, mwanangu. Risiti yako imeandikwaje?

Mnunuzi_Njoro: Wa 1,200,000 amenipigia, ana mteja mwingine kesho. Mkewe sijamwona.

Mama Wairimu: Mwone mkewe kwanza.