Tupeane uzoefu: mlioshika opsheni, mchoro wa bakora uliwahi kukudanganyeni?

kijana_wa_mlandege: Nianze na langu. Nilinunua opsheni ya kununua hisa ya Marekani, yaani haki ya kuinunua kwa bei ya makubaliano bila kulazimika; bei hiyo dola 100, na hisa siku ile ilikuwa 100 vilevile. Muda siku 90. Nililipa dola 6 kwa hisa, mkataba ni hisa 100, zikanitoka 600. Nikachora daftarini mchoro tunaoujua sote, wa thamani ya opsheni kwa kila bei ya hisa: mstari umelala mpaka 100, kisha unapanda, kama bakora iliyolazwa.

Siku ya 60 hisa ipo 104. Daftari linaniambia opsheni ni dola 4, nimeshapoteza mbili. Kwenye skrini kuna mtu anaitaka kwa 5.85! Nikaona skrini ina wazimu, sikuuza. Siku ya mwisho hisa bado 104, nikatoka na 400. Nani mwengine yalimkuta?

mzee_wa_darajani: Daftari halikukosea, yakhe, umelisoma siku isiyo yake. Ule mchoro ni wa siku ya mwisho. Kabla ya hapo unalipwa pia kwa muda uliobaki, nao unaliwa sawasawa kila siku. Gawanya 6 kwa 90, basi.

mvuvi_wa_wete: Mie opsheni sizijui, lakini hili nimeliona kwa mashua. Nilitoa arbuni, tukakubaliana bei, nikishindwa kumaliza arbuni inabaki kwake. Kabla ya muda kwisha akaja mtu kutaka kuinunua nafasi yangu, na bei ya mashua sokoni haijapanda hata shilingi. Nikamuuliza, unanunua nini? Akasema, "Msimu haujaanza bado."

bi_hesabu_chake: Huyo wa mashua kalifahamu kuliko sisi wenye skrini. Mzee wa Darajani, umepata nusu. Muda peke yake hauna thamani. Thamani iko kwenye yanayoweza kutokea ndani yake.

Chukueni hisa iliyopo 100, pale pale kwenye kona ya bakora. Tuseme mwishoni itakuwa ama 90 ama 110, nafasi nusu kwa nusu. Ikienda 110 unapata 10. Ikienda 90 unapata sifuri, si hasara ya 10, kwa sababu hulazimiki kununua. Wastani wake ni 5, na bakora hapo inasema sifuri. Sasa hisa iwe 130, iende 120 au 140: utapata 20 au 40, wastani 30, sawasawa na bakora. Iwe 80, iende 70 au 90: sifuri kwa sifuri. Basi mstari wa kabla ya siku ya mwisho unaachana na bakora zaidi pale kwenye kona, na huko pembeni unailalia. Ndiyo maana umepinda, haukuvunjika.

Na hauliwi sawasawa. Hisa ya kijana ingekaa 100 bila mtikisiko wa bei unaotarajiwa kubadilika, ile 6 ingekuwa 3.43 zikibaki siku 30, na 1.66 zikibaki siku 7. Theluthi mbili za muda zimekwisha, thamani iliyoondoka haijafika nusu. Kinacholiwa haraka ni cha mwisho mwisho.

kijana_wa_mlandege: Kwa hiyo ile 5.85 ilikuwa 4 ya bakora na 1.85 ya yanayoweza kutokea. Nami nikaitupa.

bi_hesabu_chake: Uliishikilia, hukuitupa. Hisa ingefika 112 leo ungejisifu hapa.

mkaazi_wa_fuoni: Mimi nilikula kinyume. Nilinunua kabla ya kampuni kutangaza mapato, hisa ikiwa dola 100, bei ya makubaliano 100, siku 30, kwa karibu 6.90. Kesho yake hisa ikapanda ikafika 102, opsheni ikashuka mpaka 5 na kidogo! Siku moja haili hivyo.

bi_hesabu_chake: Siku haikula. Kabla ya tangazo watu walitarajia hisa iruke mbali. Habari ilipotoka, ile 90 na 110 zikasogeleana. Mstari wote uliteremka kuelekea bakora usiku mmoja.

mzee_wa_darajani: Haya, nimekubali. Lakini mstari huo hauwezi kwenda chini ya bakora, au unaweza?

bi_hesabu_chake: Kwa opsheni ya kuuza, yaani haki ya kuuza hisa kwa bei ya makubaliano, unaweza, ikiwa ni ya kutumika siku ya mwisho tu. Makubaliano 100, hisa imeanguka mpaka 40, umebaki mwaka, riba asilimia 5. Bakora inasema 60, sokoni utapata kama 55, kwa sababu ile 100 utaipokea mwakani. Ikiwa unaruhusiwa kuitumia siku yoyote, haishuki chini ya 60: ungeitumia leo.

mvuvi_wa_wete: Bibie, mmetaja riba. Na arbuni yenyewe masheikh wa kwetu Mashafii hawaikubali, wanasema aliyeiruhusu ni Imam Ahmad. Sasa ile nafasi yangu niliyoiuza, nilikula halali?

mzee_wa_darajani: Hilo kamuulize msikitini, si hapa.