Wakuu, Blender inanikesha: dakika 47 kwa picha moja kwenye GTX 1650. Nipunguze nini isije na chenga?

MwanaWaUyole
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Mbeya, najifunza mambo ya 3D mwaka wa pili sasa. Kompyuta yangu ni ya mezani, kadi ni GTX 1650 ya GB 4, Blender 4.2. Narenda kwa Cycles, ukubwa 1920 kwa 1080. Picha moja inachukua dakika 47. Nikishusha sampo, pembeni kunajaa chenga kama televisheni ya antena wakati wa mvua. Nikizipandisha, nalala na kuamka bado inasukuma. Naombeni seti za uhakika, nina haraka kidogo. Msiniambie ninunue kadi mpya, hilo nalishughulikia.

Kiazi_Mviringo
Hamia Eevee, ulale usingizi. Uzi ufungwe.

Mzee_wa_Gangilonga
Kamwene. Dogo, nenda kwenye Tile Size uweke 32. Kadi ndogo hula matonge madogo. Mimi nilikuwa narenda hivyo na kadi ya GB 2 na mambo yalikwenda.

FundiPikseli
Mzee wangu, heshima yako, lakini hiyo ni ya zama za 2.79. Tangu toleo la 3.0 Cycles iliandikwa upya, na Tile Size imebaki kuwa suala la kuokoa memori tu. Kwa kawaida inakuja ikiwa 2048, kwa hiyo picha yake ya 1920 kwa 1080 yote ni kigae kimoja. Akiweka 32 atajichelewesha.

MwanaWaUyole, nijibu matatu. Kwenye Edit > Preferences > System umechagua OptiX? Kwenye Render Properties, Device inasema GPU Compute au bado CPU? Na Max Samples ni ngapi, Noise Threshold umeiacha au umeizima?

MwanaWaUyole
OptiX ipo na GPU Compute ipo, hayo niliyahakiki. Sampo ni 4096. Noise Threshold nimeizima, kuna jamaa alisema inaharibu ubora. Dinoiza sijaiwasha, inafanya mbao ionekane kama plastiki. Mkuu Kiazi, Eevee siitaki, mteja anataka mwanga wa kweli.

FundiPikseli
Basi umeiambia kadi ipige sampo 4096 kwa kila pikseli, hata kwenye ukuta mweupe uliokuwa safi tangu sampo ya 100. Noise Threshold kazi yake ni kuiambia iache pale palipotulia na ihamie kwenye kona yenye shida. Huyo jamaa kakuponza. Halafu umetaja mteja. Ni picha ngapi? Au ni video?

Mama_Parachichi
Samahani wanangu, mimi nipo Njombe na sijui hizo Blenda. Lakini nyie mnaochora nyumba za kwenye kompyuta, kuna mmoja alinichorea yangu ina madirisha marefu mpaka chini, jua linaingia sebuleni kama asali. Nikajenga. Mwezi wa sita na baridi hii nakaa sebuleni nimejifunga blanketi mbili, vioo vyote vinatoa jasho. Muwe mnachora na baridi.

Baridi_ya_Makete
😂😂 Mama umeua. Dogo lete hiyo kompyuta huku kwetu, hata feni haitahitajika. Ikirenda tunaota moto, tunachomea na viazi.

MwanaWaUyole
Ni video, mkuu. Sekunde 30, fremu 25 kwa sekunde, jumla 750. Ni ya loji inayojengwa Tukuyu, mwenyewe anataka kuwaonyesha wenzake Jumanne asubuhi. Sikutaja mapema kwa sababu najua mtaanza kunihukumu. Nilianza Jumatatu usiku na mpaka leo Alhamisi nimetoa fremu 318.

Mama_Parachichi
Na kianzio umeshakula?

MwanaWaUyole
Sijala mama. Nimekitoa kushikilia kadi iliyotumika, ipo kwa jamaa Mwanjelwa. Pesa iliyobaki nitamalizia mteja akilipa. Nilipiga hesabu, ni uwekezaji.

Mama_Parachichi
Yaani pesa ya kazi umeiweka kwenye jembe ambalo hujalishika, na shamba linatakiwa Jumanne. Haya.

Kiazi_Mviringo
Ngojeni wakuu. Fremu 318 mara dakika 47 ni dakika 14,946. Hizo ni saa 249, yaani siku 10 na zaidi. Kaanza Jumatatu, leo Alhamisi, na umeme wa Mbeya tunaujua sisi tulioko Soweto. Hii ni chai. Tena ya Tukuyu kabisa, imechumwa asubuhi.

Baridi_ya_Makete
Chai ya rangi au ya maziwa?

Mzee_wa_Gangilonga
Nilishahisi. Vijana wanaanzisha uzi kutafuta laiki. Loji haipo, mteja hayupo, kadi hiyo ya Mwanjelwa labda ndiyo anataka tumchangie.

MwanaWaUyole
Chai ya nini wakuu! Loji ipo, nimekwenda mwenyewe kupima madirisha. Fremu 300 za mwanzo ni za nje, kamera inapanda barabarani mpaka kibarazani. Zile zilikuwa zinachukua dakika 4 tu kila moja, saa 20 zikaisha. Kamera ikiingia sebuleni ndipo dakika zinaruka mpaka 47. Nimetoa 18 tu za ndani. Sikusema kwa sababu seti ni zilezile, nikaona haihusu.

FundiPikseli
Hiyo ndiyo ilikuwa inahusu kuliko yote! Seti zilezile, kadi ileile, nje dakika 4, ndani 47. Basi shida haiko kwenye kadi. Sebule ina vioo vya madirisha? Jua ni taa ya Sun iliyoko nje? Na kioo umekitengeneza kwa kutumia nini?

MwanaWaUyole
Ndiyo, madirisha sita makubwa. Kioo ni Glass BSDF, kina unene wa milimita 6 kama cha kweli. Sun ipo nje. Na kioo siwezi kukitoa, mteja anataka kionekane, kilimpa gharama.

FundiPikseli
Hakuna anayekitoa. Sikiliza. Cycles ikifika kwenye ukuta wa ndani, inapiga mstari kuelekea kwenye jua kuuliza "jua naliona?" Ukiwa na Glass BSDF katikati, jibu linakuwa hapana, ingawa wewe kwa macho unaona nje vizuri. Kwa hiyo jua haliingii kwa mlango. Linaingia kwa kubahatisha, mwale mmojammoja unaodunda kutoka ukutani, ukapenya kioo na kuangukia penye mwanga. Hizo bahati ndizo chenga zako, na vile vidoti vyeupe kama vimulimuli. Sampo hata 10,000 zitakuwa zinanunua bahati.

Kabla hujaniamini, jaribu. Simama kwenye kamera, bonyeza Ctrl+B uchore kisanduku kwenye kona yenye chenga, weka Max Samples 200, F12. Kisha zima ikoni ya kamera ya vioo kwenye Outliner, urudie. Kona ikitulia ghafla, mchawi umemshika.

MwanaWaUyole
Nimejaribu. Aisee. Bila vioo kona imekuwa safi na sebule imekuwa na mwanga zaidi. Lakini sasa dirisha ni tundu.

FundiPikseli
Virudishe. Fungua matiriali ya kioo, weka Mix Shader. Tundu la juu liache Glass BSDF yako, la chini weka Transparent BSDF nyeupe. Kwenye Fac unganisha Is Shadow Ray kutoka nodi ya Light Path. Hapo kamera inaona kioo na mng'ao wake, ila ule mstari wa kuuliza jua unapita kana kwamba kioo hakipo. Unachopoteza ni vile viwimbi vya mwanga uliopinda sakafuni, ambavyo kwa kioo bapa cha dirisha hakuna atakayevidai. Kama una pazia za neti zenye uwazi, angalia Transparent kwenye Light Paths. Inakuja ikiwa 8, na kioo chenye unene kinahesabu uso wa nje na wa ndani. Ukiona weusi nyuma ya pazia, ipandishe.

Baada ya hapo washa Noise Threshold 0.05, Max Samples 512, na dinoiza ya OpenImageDenoise. Mbao iligeuka plastiki kwa sababu ulikuwa unaipa takataka isafishe. Ikipewa picha iliyokaribia kutulia, haina cha kubuni.

Mzee_wa_Gangilonga
Apunguze na Bounces ziwe 2, itaruka kama swala.

FundiPikseli
Itaruka, na kona za sebule zitakuwa jikoni kwa bibi, mzee wangu. Chumba cha ndani kinaishi kwa mwanga wa kudunda. Total ikitoka 12 hadi 8 sawa, ila Diffuse aiache kwenye 4.

MwanaWaUyole
Ijumaa saa 4 asubuhi: fremu ya 301 imetoka kwa dakika 7! Ndaga fijo mkuu. Naanzia 319 sasa hivi.

FundiPikseli
Usianzie 319. Umesema mwenyewe sebule imekuwa na mwanga zaidi. Fremu zako 18 za ndani ulizotoa mwanzo ni za giza, zikifuatana na hizi mpya mteja ataona taa imewashwa katikati ya video. Anza 301. Fremu 450 kwa dakika 7 ni saa 52 na nusu, ukianza leo unafika Jumapili mchana. Toa PNG, siyo video moja kwa moja, na uondoe tiki ya Overwrite, ili umeme ukikatika iendelee pale ilipoishia. Zile PNG 18 za zamani zihamishe kwanza, la sivyo itaziruka. Funga dirisha la Blender na uendeshe hivi, memori ya kadi ipumue:

```
blender -b loji.blend -s 301 -e 750 -a
```

Mpangilio huohuo, `-a` ikae mwisho. Kama kamera pekee ndiyo inayotembea, washa Persistent Data kabla ya kuhifadhi, isipakie sebule upya kila fremu. Ikilalamika memori imejaa, izime.

Kiazi_Mviringo
Nafuta neno chai. Ila hesabu zangu zilikuwa sahihi.

MwanaWaUyole
Jumamosi usiku: umeme umekatika mara mbili, imeendelea yenyewe kila nilipoiwasha. Nimefika 497. Ila nikicheza fremu kwa pamoja, mkeka wa ukili uliopo sakafuni unachezacheza, kama maji yanachemka chini yake. Fremu mojamoja ni safi kabisa.

Mzee_wa_Gangilonga
Funga Seed iwe namba moja, utatulia.

FundiPikseli
Hapo mzee umegusa nusu. Mchezo utapungua, lakini madoa yatabaki yameganda kwenye skrini huku kamera ikitembea, kama kioo cha kamera kina uchafu. Mkeka wa ukili una mistari midogo sana, na dinoiza inaukisia upya kila fremu. Tafuta fremu ambazo mkeka umejaa mbele, uzirudie kwa Noise Threshold 0.02. Zitakuwa nzito. Ziko ngapi?

MwanaWaUyole
Kama 60. Nimejaribu moja, dakika 19. Zote ni saa 19, na za kawaida zimebaki 253.

Mama_Parachichi
Mwanangu, si utoe mkeka?

MwanaWaUyole
Mama, mkeka ni wa mke wa mteja, kausuka mwenyewe.