Naomba ushauri: hisa iliyolala imeamka ghafla, niuze vipi?

Wadau, nina hisa 20,000 za kampuni ndogo kwenye soko la Nairobi. Kwa miaka zilikuwa zimelala kwenye shilingi 2, siku nyingine haiuzwi hata moja. Tangu Jumatatu bei inagonga kikomo cha kupanda cha 10% kila siku, na leo Alhamisi imekaribia 2.90. Kampuni yenyewe haijatoa tangazo lolote, si la faida wala la mnunuzi mpya. Kelele zote ziko Telegram, ambako jamaa asiyetaja jina anahimiza, "Nunueni, inaenda 10, asiuze mtu." Mtu anayejua siri ya faida angeigawa bure? Nadhani alikusanya polepole kwa bei ya chini, sasa anatafuta wa kuwabwagia.

Shida ni kutoka. Kwenye oda za kununua naona hisa 6,000 tu kwa 2.90, kisha pengo hadi 2.40. Na yeye akianza kumwaga, wanunuzi watayeyuka, bei ishuke 10% kila siku huku oda zetu zikikaa foleni.

Je, niuze kwa mafungu madogo kwa bei niliyoipanga, au nimwambie dalali auze zote leo kwa bei yoyote ya soko?