Mrejesho: hadithi ya mhitimu na barua pepe yake

Niliuliza: "Mhusika wangu anaandika upya barua pepe ya kuomba kazi mara tisa. Nifanyeje msomaji asichoke?"

Wakuu, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kuonyesha sentensi ya kwanza tu ikibadilika, na rasimu tatu badala ya tisa. Ya kwanza: "Kwa heshima na taadhima naleta ombi langu mbele yako." Kisha: "Naamini ninafaa." Mwisho: "Naomba nafasi ya karani, wasifu nimeuambatisha." Hofu yake sasa inaonekana bila mimi kuitaja.

Kumalizia na jibu la mwajiri kulinishinda, hadithi ikawa ya mwajiri. Nimeishia anapobonyeza kutuma. Rafiki aliyeisoma anasema rasimu ya pili bado inazubaa, na kweli, hapo sijapata dawa.